Wasichosema Kwenye Kopo

Mimi ni mtu wa karatasi. Nina kiduka cha fotokopi kwenye kona ya barabara ya hospitali, mashine moja inayokohoa, kompyuta moja, na benchi la wateja. Watu huniletea barua za ardhi, fomu za mikopo, vyeti vya ndoa na vya kuachana, wananiambia, "Hebu nisomee, hawa watu wanasemaje?" Nami nasoma, naeleza, nalipwa au silipwi, na moyoni najiona nina akili kuliko mtaa mzima. Nawaambia hili mapema ili mjue aliyekosea hapa hakuwa mtu asiyejua kusoma.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na kwa miaka kumi na tano nusu ya watoto wa mtaa wetu wamevaa marinda yaliyopita chini ya sindano yake. Mume wake alifariki binti yao akiwa hajaanza kutembea, basi tukabaki watatu: dada, binti, na mimi, mama mdogo, ninayeishi chumba cha pili na kuingilia kila lisilonihusu.

Binti tulimwita Kwanini. Jina lake la shule analo, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia, kwa sababu tangu alipojifunza kusema alikuwa na swali moja tu. Kwa nini maziwa yanapanda yakichemka na maji hayapandi? Kwa nini uzi mweusi unakatika haraka kuliko mweupe? Siku moja alimuuliza fundi wa saa kwa nini saa za watu ziko dukani kwake miezi mitatu, na yule baba akatusalimia kwa ubaridi mwaka mzima. Dada alikuwa akisema, "Huyu atakuja kunitajirisha au kunifunga jela." Lakini alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyekata kitambaa bila kipimo na kikatoka sawasawa.

Mwaka ule Kwanini alipoingia kidato cha pili, dada alianza kuvimba miguu. Mwanzo akasema ni kukaa sana kwenye cherehani. Baadaye uso nao ukaanza kuvimba asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia, nikamburuta hospitali, na huko wakatuambia figo zake zinafanya kazi chini ya nusu. Presha ilikuwa imezila polepole bila yeye kujua. Akapewa vidonge, akapangiwa kliniki ya kila mwezi, na nesi akatupa karatasi.

Karatasi hiyo ninaikumbuka kama sala. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, fotokopi ya fotokopi, wino umefifia pembeni, na mimi kwa uhodari wangu nikaitolea nakala mpya iliyo safi zaidi na kuibandika ukutani jikoni. Juu ilisema: punguza chumvi. Chini ilisema: epuka vyakula hivi. Ikaorodhesha ndizi mbivu, machungwa, parachichi, viazi, nyanya, maharage. Nesi naye alituongezea kwa mdomo, "Vyakula vya dukani someni lebo, mama. Chumvi inajificha humo."

Basi tukatii. Nani kama sisi kwa kutii! Hakuna ndizi iliyovuka kizingiti chetu tena. Nyanya tuliacha kununua siku ileile. Zilizobaki kwenye kapu nilizigawa kwa majirani, hata zile mbili zilizokuwa nzuri kweli. Lakini mchuzi bila nyanya ulikuwa kitu cha huzuni. Dada alikaa mbele ya sahani, akakizungusha kijiko, akasema, "Mdogo wangu, hiki chakula kinanitazama kama maji ya kuoshea vyombo." Akala vijiko vitatu. Kesho yake viwili. Akaanza kukonda.

Jumamosi moja nikiwa nakunja nguo, Kwanini alisimama mbele ya ile karatasi ukutani, penseli sikioni.

"Mama mdogo, ya kopo je?"

"Ya kopo nini?"

"Nyanya ya kopo. Imekatazwa?"

Sikunyanyua hata kichwa. Nilisema, "Karatasi imetaja vitu vya sokoni. Ndizi, viazi, nyanya. Umeona kopo limetajwa? Ya kopo ni ya dukani, ile ni rangi ya mchuzi tu. Ya dukani tumeambiwa tuangalie chumvi."

"Tungemuuliza nesi."

"Nesi ana watu mia mbili kwenye foleni. Nimekusomea mimi, unataka asome nani?"

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda. Mimi nikaendelea kukunja nguo. Yalikuwa maneno ya dakika moja, na wala sikuyafikiria tena mpaka yaliponirudia.

Kutoka siku hiyo Kwanini alijipa kazi. Mama yake atakula mchuzi mwekundu tena, na chumvi haitamgusa. Mtaani kwetu zilikuwepo aina tatu: pakiti yenye picha ya mwamvuli, kopo lenye tarumbeta, na kopo dogo la bei mbaya lenye kengele, ambalo muuza duka aliliweka juu kabisa kwa kuwa halinunuliwi. Akanunua moja moja, akazipanga mezani, akachora daftarini safu mbili. Ya kwanza akaiita "Wanachosema". Ya pili, "Wasichosema".

Siku ya kwanza tu alinijia dukani mbio, sare imelowa jasho. "Mama mdogo, wanatudanganya bila kusema uongo!"

"Ndiyo kazi ya matangazo," nikasema.

"Hapana, tazama." Akaweka pakiti na kopo juu ya mashine yangu. Pakiti ya mwamvuli iliandikwa sodiamu miligramu sitini. Kopo la tarumbeta liliandikwa mia nne na hamsini. "Ukiangalia haraka utachukua mwamvuli, sivyo?"

"Nami ningechukua."

"Haya soma juu yake, maandishi madogo." Nikavaa miwani. Mwamvuli walikuwa wamehesabu kwa kipimo cha gramu kumi, kijiko kidogo kisichojaza hata shavu. Tarumbeta walihesabu kwa gramu mia. "Zidisha mara kumi. Mwamvuli ni mia sita! Ndiyo yenye chumvi nyingi kuliko zote. Tena hiyo ni sodiamu, si chumvi. Mwalimu amesema kupata chumvi unazidisha mara mbili na nusu. Gramu moja na nusu ya chumvi kwenye kila gramu mia, na mbele wameandika 'Kwa Afya ya Familia'."

Wateja wawili kwenye benchi walisimama kuja kutazama. Mmoja akasema huyu mtoto apelekwe bungeni. Mimi nilivimba kichwa kana kwamba nimemzaa mimi.

Kopo la kengele ndilo lililomchukua moyo. Viungo vilivyoandikwa: nyanya. Basi. Neno moja. Sodiamu miligramu arobaini tu kwa gramu mia, ile inayokuwemo kwenye nyanya yenyewe. Lakini Kwanini hakuwa mtu wa kuamini kwa sababu kaandikiwa. Akamwomba mwalimu wa kemia ampe maabara baada ya masomo, na yule mwalimu, ambaye kwa miaka alikuwa akifundisha watoto wanaosinzia, karibu amkumbatie.

Aliniita nikashuhudie. Nilifunga duka nikaenda, nikakaa kwenye kiti kirefu kisichokuwa na mgongo. Kwanza ilikuwa iodini. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu nyeusi, hilo hata mimi nililisoma zamani. Akakoroga kijiko cha kila aina kwenye maji, akachemsha, akaacha ipoe, akamimina kwenye visahani vyeupe ili wekundu usifiche rangi. Akadondosha. Matone ya kwanza yalipotea kabisa, kana kwamba hakuweka kitu. Nikacheka, nikasema iodini yao imekufa. Mwalimu akasema hapana, vitamini C ya nyanya inaimeza, ongeza. Akaongeza tone kwa tone. Tarumbeta ikabaki kahawia. Kengele ikabaki kahawia. Mwamvuli ikaanza kuingia weusi pembeni, halafu kisahani kizima kikawa rangi ya jeraha la juzi.

"Unga," Kwanini alisema. "Kwenye pakiti wameandika 'kiimarishaji'." Akaandika kwenye safu ya pili: *Kiimarishaji ni wanga. Wanatia maji, halafu wanatia wanga ili maji yasionekane.*

Kisha akapima uzito. Alikuwa amepaka gramu kumi kamili za kila aina kwenye vipande vya karatasi ya bati, akavikausha kwenye oveni ya maabara kwa moto mdogo, akapima, akarudisha, akapima tena mpaka mizani ikakataa kushuka. Kinachobaki baada ya maji kuondoka ndicho ulichonunua, ndivyo alivyonieleza. Mwamvuli ilibaki gramu moja na nukta saba, na ndani yake kuna chumvi na unga. Tarumbeta mbili na nukta tatu. Kengele gramu tatu kamili.

Pembeni kulikuwa na kipande cha nne. "Hii nini?"

"Nyanya moja ya sokoni," akasema, akanitazama kwa hofu. "Sikuileta nyumbani, mama mdogo. Niliinunua nikaja nayo moja kwa moja shule."

Nyanya ya sokoni, gramu kumi, ilibaki nusu gramu. Nyingine yote maji. Kwanini akagawanya tatu kwa nusu, akapata sita, akaandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari mara mbili: *KILO MOJA YA KENGELE = KILO SITA ZA NYANYA.* Chini yake, kwenye safu ya Wasichosema, akaandika: *Hakuna. Hawa wamesema yote.*

Tulikuwa watu wazima wawili pale, mwalimu wa kemia na mimi msomaji wa karatasi. Mwalimu hakujua mama yake anaumwa nini, alijua tu hatakiwi chumvi. Mimi nilijua. Karatasi nilikuwa nimeibandika kwa mkono wangu. Nikaisoma ile sita, nikapiga makofi.

Chema chajiuza, nikamwambia dada jioni ile, isipokuwa hiki, kilichowekwa juu ya rafu watu wasikione. Tukaanza kununua kengele. Kwanini akawa anampikia mama yake kisufuria chake peke yake, kisichokuwa na chumvi hata chembe, na kwa kuwa chakula bila chumvi hakina ladha, alitia kopo zima: moja mchana, ambalo siku za shule nilimtilia mimi, na moja jioni. Kopo lenyewe dogo, gramu sabini, lilionekana si kitu. Mchuzi ukatoka mwekundu, mzito, mtamu, na dada akalamba kijiko, akafunga macho.

"Mwanangu," akasema, "nimerudi duniani."

Akala. Akaongezeka uzito. Uvimbe wa miguu ukapungua kweli, na presha ikashuka, maana chumvi ilikuwa imeondoka kweli. Kliniki nesi akampongeza. Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima, dada akiniiga jinsi ninavyovaa miwani kusoma kopo.

Mwezi wa pili daktari alitazama majibu ya damu akakunja uso. Potasiamu imepanda kidogo, akasema. Mnakula ndizi? Hatuli. Machungwa? Hatuli. Nyanya? Dada akaapa, mkono juu, kwamba tangu apewe karatasi nyanya haijaingia nyumbani mwake, muulize huyu mdogo wangu. Nami nikaitikia, "Kweli kabisa, daktari." Na mbele ya Mungu nilikuwa nasema ninachokiamini. Daktari akasema labda ni vidonge vya presha, baadhi yake huizuia potasiamu kutoka, akapunguza dozi, akatupa tarehe.

Tarehe haikufika. Jumatatu ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, nilisikia cherehani ya dada imesimama katikati ya mshono. Si kawaida yake, yeye humaliza mstari hata nyumba ikiwaka. Nikachungulia. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kitambaa, akiitazama miguu yake.

"Imekataa pedali," akasema. "Naisukuma, haiendi."

Nilimgusa, viganja vyake vilikuwa baridi. Akasema moyo unapiga kama mtu anayepanda ngazi akipumzika. Jirani mwenye gari akatukimbiza. Walimbandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka kwenye mashine na mistari yenye vichwa vilivyochongoka kama misumari, na daktari kijana aliyeitazama akaacha kutembea akaanza kukimbia. Potasiamu ilikuwa imefika saba. Wakamchoma dawa ya kalsiamu kuukinga moyo, wakamtundikia insulini na maji ya sukari ili potasiamu irudi ndani ya chembe za mwili, na mchana wakamsukuma kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilishika chupa ya chai ambayo hakuna mtu angeinywa. Niliwaza jambo moja tu, kwamba lile rinda lililobaki kwenye cherehani ni la mtoto wa darasa la kwanza na litamaliziwa na nani.

Hakufa. Nisiwaweke roho juu. Jioni moyo ulirudi kwenye mwendo wake, na kesho yake aliomba kitana.

Kesho yake hiyo ndiyo aliyokuja mtaalamu wa lishe, mwanamke mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Kwanini alikuwa ametoka shule, amekaa pembeni ya kitanda. "Nani anampikia mgonjwa?" akauliza.

"Mimi," Kwanini akasema, akasimama kama darasani.

"Nieleze anakula nini. Kila kitu."

Naye, mtoto wa watu, akatoa daftari kwenye mkoba. Alikuwa na fahari, niliiona. Alikuwa anadhani daftari lile ndilo litakalomsaidia mama yake, kwamba wataalamu hatimaye wataona amepima kila kitu. Mtaalamu akalipokea, akafungua, akasoma. Akasoma ukurasa wa sodiamu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Akasoma iodini. Akafika kwenye ile mistari miwili. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Makopo mangapi kwa siku?"

"Mawili. Lakini madogo, na hayana chumvi."

"Kazi hii umeifanya vizuri sana," akasema polepole. "Nataka ujue hivyo kwanza. Karatasi yetu ilipokataza nyanya, haikuwa kwa ajili ya chumvi. Ni potasiamu. Figo nzima huitoa na mkojo. Figo za mama haziwezi, inabaki kwenye damu na kushika moyo. Sasa ukichukua kilo sita za nyanya ukatoa maji..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Kwanini alikuwa amekwisha kufika. Nilimwona akifika. Midomo yake ilitembea bila sauti, anagawanya, anazidisha. Akachukua kopo tulilokuwa tumelileta kwenye kapu, akaligeuza. Nishati, protini, wanga, mafuta, sodiamu.

"Haijaandikwa," akasema.

"Wengi hawaiandiki. Hawalazimishwi kila mahali. Kwa kopo kama hili ni karibu gramu moja kwa kila gramu mia. Ile pakiti mbovu yenye unga ingemdhuru kwa chumvi, lakini kwa hili ingemdhuru kidogo." Kisha akauliza, bila ukali, ili aandike kwenye faili lake tu: "Nani aliwaambia ya kopo inaruhusiwa?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, chupa ya chai mkononi. Dada alikuwa macho, ametugeukia. Nilifungua mdomo. Nawaambia kweli nilifungua.

"Nilidhani tu mwenyewe," Kwanini akasema, macho sakafuni.

Nami nikaufunga mdomo wangu.

Nilijipa sababu, maana mtu wa karatasi hakosi maneno. Nikasema mtoto amesahau. Alikuwa na mambo mengi, lile neno langu la siku ya kukunja nguo lilimpitia tu. Nikasema nikizungumza sasa nitamchanganya mgonjwa. Nikasema nitamwambia nyumbani. Nyumbani nikasema akishapata nguvu. Dada alipata nguvu, akarudi kwenye cherehani, akamaliza lile rinda, na kila wiki nikampeleka kusafishwa damu, nikasahau kwa bidii.

Dada hakumlaumu binti yake hata siku moja. Alimtania, kama kawaida yake: "Uliniua kwa kupenda, mwanangu, wengine huuawa kwa chuki." Akadhani anamfariji. Kwanini alikuwa akitabasamu, anaondoa sahani, anakwenda kuosha.

Alikuwa ameacha kuuliza. Nyumba ilikuwa kimya na mwanzoni hatukujua ni nini kilichokosekana, kama saa ya ukutani iliyosimama. Maziwa yalipanda yakamwagika, akafuta jiko, basi.

Mwisho wa mwaka alikuja dukani na fomu ya shule. Ilikuwa ya kuchagua masomo, anataka nakala mbili. Niliiweka kwenye kioo cha mashine, na kama ilivyo desturi yangu mbaya, nikaisoma. Historia. Lugha. Jiografia. Biashara. Kemia ilikuwa imekatwa kwa mkwaju, fizikia mkwaju, biolojia mkwaju.

"Mwalimu wako wa kemia ameona hii?"

"Ameona. Amekasirika."

"Na wewe?"

"Mimi nikipima vitu, mama mdogo, watu wanaumia." Aliyasema bila machozi, kama mtu anayetaja bei. "Nitolee mbili, moja ya shule."

Ningesema pale pale. Benchi lilikuwa tupu, mashine inakohoa, tupo wawili tu. Neno moja lingetosha: mimi ndiye niliyekwambia. Nikabonyeza kitufe. Karatasi ikatoka, ya moto, nikabonyeza tena, ikatoka ya pili. Sikumtoza, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa haki yake kwangu.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya alisafisha mkoba wake wa zamani, akaniletea madaftari yaliyoisha niyatumie kufungia picha za wateja. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka, karatasi hazitupwi kwetu. Nilikuwa nikiyachana moja moja nilipofika kwenye lile. Nilitaka kuliweka kando, nikashindwa, nikalifungua mwanzo kabisa, kabla ya safu, kabla ya mwamvuli na tarumbeta, ukurasa ambao mtaalamu wa lishe hakuufungua.

Ilikuwa Jumamosi ile, na tarehe yake. Kwa penseli, mwandiko wa haraka: *Swali la kumuuliza nesi: nyanya ya kopo nayo ni nyanya?* Na chini yake jibu, amelikata kwa wino, mistari mingi, kwa nguvu, kalamu karibu itoboe. Lakini wino wa bluu haufichi penseli ukiuinua kwenye mwanga. Mimi kazi yangu ni hiyo, kusoma maandishi yaliyofifia. *Mama mdogo amesema hapana. Nisimuulize nesi.*

Mtu hakati kwa wino kitu alichokisahau.

Nilifunga duka mchana kweupe, wateja wakaniita, sikugeuka. Nilimkuta uani anafua, mama yake amelala ndani baada ya kusafishwa damu. Nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwonyesha ukurasa. Akautazama, akaendelea kukamua kola.

"Ulikumbuka," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulipoulizwa hospitali, ulikumbuka."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu?"

Akalitundika shati, akainyoosha mikono yake, akaweka kibanio kimoja, cha pili. "Mama angekukasirikia. Mngegombana. Na kliniki angekosa wa kumpeleka. Mimi niko shule." Alikuwa ameshapiga hesabu yote pale pale, kando ya kitanda, wakati mimi natafuta ujasiri. "Mimi ni mwanawe, hawezi kuniacha. Nikaona afadhali iwe mimi."

Nikamwambia twende shule, nitazungumza na mwalimu mkuu, nitapiga magoti, fomu ibadilishwe. Akasema muda umepita, madarasa yamekwisha kugawanywa, na yeye ameshakosa mwezi mzima wa masomo ya sayansi. Nikasema nitamwambia mama yake leo hii akiamka. Akasema, "Mwambie tu ukitaka. Sasa ana nguvu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye sare zake kwenye saruji. Nilikuwa naomba anitukane, angalau anipigie kelele, mtoto ana haki hiyo. Hakufanya. Alifuta mikono kwenye kanga, akakunja uso kidogo, ile mikunjo ya zamani, niliyoiona mara ya mwisho maabara juu ya visahani vyeupe.

"Na wewe?" akauliza. "Ulikuwa umesimama pale na chupa ya chai. Kwa nini wewe hukusema?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu siku ile hospitali. Niliketi kwenye ndoo, daftari gotini, nikalitafuta jibu, mimi ninayewasomea watu wote. Ndani, kitanda kikalia, dada akaita anataka maji, nami nikainuka kwenda kumwambia.